Profaili ya fundi umeme Unguja na Pemba: maswali yanayoulizwa kila siku

Mie fundi umeme, kwetu Chake lakini kazi nyingi saivi ziko Unguja, kusini na mashariki huko kwenye maguesti. Karibu kila wiki kuna kijana ananitumia profaili yake wasap nimuangalilie kabla hajampelekea kontrakta au mwenye hoteli, na maswali yanayokuja nayo ni yale yale. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja kwa hivo nimeyakusanya hapa. Kama una haraka nenda sehemu ya kazi zilizokwisha, ndo inayowaangusha wengi.

## Mwanzo kabisa

Profaili si ndo sivii tu?

Sio. Sivii inasema umesoma skuli gani mwaka gani. Profaili ya fundi inamjibu mwenye nyumba mambo matatu: una ruhusa ya kugusa umeme wangu, unajua kuuzima kabla ya kuugusa, na ile kazi uloimaliza ilipimwa au uliwasha taa ukaona zinawaka ukaondoka. Hayo mengine ya "mchapakazi, muaminifu, anafanya kazi chini ya presha" futa, hakuna anaesoma.

Iwe kurasa ngapi?

Nne zinatosha, tano kama una kazi nzuri kweli. Ya mwanzo jina, picha yako ya uso, simu, unapopatikana (andika kama uko Unguja au Pemba na kama unavuka, maana mteja wa Wete hataki kumlipia mtu boti akaje kufunga soketi mbili) na unachofanya: nyumba, fezi tatu, sola, mapampu, chochote. Ya pili karatasi zako. Zilobaki zote ni kazi.

Kiswahili au Kiingereza?

Inategemea unampa nani. Kwa mwenye nyumba Kiswahili, kwa hoteli za Nungwi na Paje wengi wanataka Kiingereza. Tengeneza mbili, usichanganye lugha kwenye karatasi moja. Na kile Kiingereza mpe mtu akusomee, nimeshaona profaili imeandikwa fundi "anaua umeme wa wageni".

## Leseni na vyeti

Nina cheti cha mafunzo ya amali, si ndo leseni hio?

Hapana, na hili ndo kosa namba moja. Kuna karatasi za aina tatu na kila moja inasema jambo lake.

Cheti cha mafunzo kinasema umefundishwa. Hichi unakipata kwenye vituo vya Mamlaka ya Mafunzo ya Amali kama Mwanakwerekwe, Mkokotoni au Vitongoji kwa sisi wa Pemba, au umepita Taasisi ya Karume kule Mbweni, au VETA kama ulisomea bara. Hakiishi muda wake, ulichosoma umesoma.

Leseni inasema umeruhusiwa kufanya kazi fulani mpaka kiwango fulani mpaka tarehe fulani. Hii inaisha. Mwenye kusimamia mambo ya nishati huku kwetu ni ZURA, bara ni EWURA, na wenye waya wa mtaani na mita ni ZECO. Watu wanazichanganya hizi tatu kila siku.

Ya tatu ni karatasi za biashara, yaani usajili wa BPRA na namba ya mlipakodi. Hizo zinasema wewe ni biashara halali, hazisemi kama unajua kufunga breka. Kuna mtu aliniletea profaili imeandikwa "fundi mwenye leseni" kwa herufi kubwa, nikafungua ukurasa wa pili nikakuta karatasi ya kodi. Mtu wa hoteli akiiona hio anafunga hapohapo, na ana haki.

Kwa hivo zitie zote ulizonazo lakini kila moja chini ya jina lake, na usiandike neno "leseni" juu ya kitu ambacho hakikuandikwa leseni.

Leseni nimeipata bara, naruhusiwa kuitia?

Itie, lakini iandike jina lake kamili na nani kaitoa, usiandike "leseni ya serikali". EWURA ni mamlaka ya bara, na kazi iko huku, kwa hivo kabla hujaichukua ile kazi waulize ZURA karatasi yako inakubalika vipi na ulichojibiwa ndo ukiandike. Mteja alofanya kazi na makontrakta anajua tofauti, ukimficha atajua tu.

Jambo jengine: leseni za umeme zina madaraja, na daraja peke yake halimwambii kitu mwenye nyumba. Soma kwenye leseni yako mpaka wake ni upi, halafu uandike kwa maneno ya kawaida. Kama yako inaishia umeme wa nyumba wa fezi moja, sema hivo hivo, "nyumba za fezi moja". Usitie picha ya paneli ya fezi tatu ya hoteli chini ya leseni ya fezi moja, unajishitaki mwenyewe.

Sina leseni, nimejifunza kwa ami yangu toka mdogo. Nifanyeje?

Wengi wetu tumeanza hivo, hata mie nilikuwa nabeba ngazi ya mtu miaka minne. Andika ukweli: umefanya kazi chini ya nani, miaka mingapi, kazi za aina gani. Halafu kwenye kazi zako tia zile ulizofanya chini ya fundi mwenye leseni na useme yeye ndo alokagua na kusaini. Hio inasomeka vizuri kuliko unavyofikiri. Isosomeka ni ile ya kuazima leseni ya mwenzio ukatia kopi yake, moto ukitokea aloazimisha na aloazima wote mmo.

Na uliza kwenye kituo cha amali kilicho karibu nawe kama wana njia ya kumpima mtu alojifunza kazini akapata cheti bila kuanza darasa la mwanzo.

Leseni yangu imekwisha, niko kwenye kuibadilisha. Niiache humo?

Iache lakini andika chini yake "imekwisha tarehe fulani, maombi ya kuihuisha yamepelekwa tarehe fulani" na utie risiti. Usiifute tarehe kwa simu. Siku hizi watu wanafuta tarehe na kuandika nyengine, herufi zinakuwa na rangi tofauti kidogo, ukivuta skrini unaona.

Nioneshe namba zote?

Namba ya leseni ndio, bila ya hio mtu hawezi kuulizia. Namba ya kitambulisho cha Mzanzibari, saini yako na tarehe ya kuzaliwa funika. Piga na mstari wa mshazari juu ya kopi, "kwa ajili ya profaili tu", kopi safi ya leseni ikizunguka kwenye magrupu ya wasap hujui itaishia kwenye profaili ya nani.

## Mafunzo ya usalama

Nilifundishwa usalama siku moja saiti, inahesabika?

Inahesabika kama utaandika ilikuwa nini. "Mafunzo ya usalama" peke yake haina maana. Andika ilikuwa kupanda ngazi na skafoldi, au huduma ya kwanza, au kuzima moto, saa ngapi au siku ngapi, nani kafundisha, mwezi na mwaka. Ya huduma ya kwanza iwe na tarehe ya kuisha kama karatasi inayo. Mie kama ningekuwa mwenye hoteli hio ya huduma ya kwanza ningeitazama kabla ya zote, fundi akipigwa na umeme aliye karibu nae ni msaidizi wake, si hospitali ya Mnazi Mmoja.

Sina hata karatasi moja ya usalama. Nitie nini?

Andika unavyozima umeme kabla ya kugusa. Kwa maneno yako, aya moja. Fundi anaejua hili anaonekana kwenye mistari mitano na asiejua pia anaonekana.

Ya kwangu imeandikwa hivi, na unaweza kuiangalia ukaandika yako: "Nawaambia waliomo ndani kwamba nazima. Nazima meni swichi na breka ya sakiti ninayofanyia, naifunga breka kwa kifungio na kufuli na ufunguo unakaa mfukoni mwangu, naning'iniza kibao chenye jina na simu yangu. Nachukua testa ya ncha mbili, naijaribu kwanza kwenye sehemu yenye umeme nione inafanya kazi, halafu napima ninapotaka kugusa, laivu kwa nyutro, laivu kwa ethi, nyutro kwa ethi, halafu narudi kuijaribu testa tena kwenye umeme. Kama nyumba ina jenereta, betri za sola au inveta, navizima na kuvifunga hivo pia kabla sijapima."

Ile ya kuijaribu testa mara ya pili ndo watu wanaiona upuuzi. Lakini testa inaweza kufa katikati, betri ikaisha au waya wake ukakatika ndani, ikakwambia hamna umeme na umo. Na bisibisi ya taa usiiandike kabisa kwamba ndo unapimia, ile inakwambia kuna moto, ikinyamaza haikuhakikishii kwamba hamna.

Habari ya jenereta na inveta huku kwetu ina uzito wake. Umeme wetu unakuja kwa waya wa chini ya bahari, Unguja kutoka Dar na Pemba kutoka Tanga toka 2010. Waliokuwepo wanakumbuka 2008 Unguja ilikaa giza karibu mwezi mzima, halafu tena mwisho wa 2009 kuingia 2010 kama miezi mitatu. Tokea hapo kila mwenye uwezo alinunua jenereta, na nyingi zilifungwa kwa plagi ya dume kwa dume inayochomekwa kwenye soketi. Hio inarudisha umeme mpaka kwenye nguzo, fundi wa ZECO akipanda anaukuta. Kama umewahi kuiondoa kitu kama hicho ukafunga swichi ya kubadilishia, yaani ile isoruhusu umeme wa shirika na wa jenereta kuwepo kwa pamoja, basi hio ni kazi ya kutia kwenye profaili hata kama ilikuwa ya nusu siku.

## Kazi zilizokwisha

Nitie picha ngapi?

Kazi nne au tano, kila moja picha tatu: ilivyokuwa, katikati kabla hujafunika, ilivyokwisha. Ya katikati ndo yenye thamani. Ukutani ukishapiga lipu kila kazi nzuri, ila kwenye ile picha ya katikati naona kama mabomba yamenyooka, kama umeunga waya ndani ya boksi au umeuunga hewani ukauzungusha tepu.

Picha za taa za rangi rangi zinazomeremeta kwenye dari acha mbili tu kwa ajili ya wenye harusi. Bodi ilofunguliwa, breka zimeandikwa majina, ethi zimefungwa kwenye baa yake moja moja, hio ndo picha.

Mbali na picha, kila kazi niandike nini?

Mahali (kijiji kinatosha), mwezi na mwaka, ukubwa wa kazi, leseni ya nani, tatizo lilikuwa nini, ulifanya nini, na vipimo. Vipimo vitatu tu kwa nyumba ya kawaida.

Cha kwanza ni kupiga mega, yaani kupima ngozi ya waya kama haivujishi. Umeme umezimwa, vitu vyote vimechomolewa, unapiga kwa volti 500 na kila sakiti isiwe chini ya megaomu 1. Waya mpya ukikupa 1 kamili usifurahi, waya mpya unatakiwa ukupe makumi na mamia, ukiona chini kuna kitu umekikwaruza au kuna maji.

Cha pili ni omu za ethi. Cha tatu ni RCD, yaani ile swichi inayokata umeme ukivuja kwenda ardhini, inakata kwa miliampia ngapi na kwa muda gani. Ya miliampia 30 ikipewa 15 isikate, ikipewa 30 ikate ndani ya milisekunde 300, nzima huwa zinakata mapema zaidi ya hapo. Kubonyeza kile kitufe chake cha jaribio si kipimo, kile kinajaribu chuma chake cha ndani tu na hakisemi chochote kuhusu ethi yako.

Tupe mfano wa kazi moja ilivyoandikwa.

Haya, hii ni yangu, guesti ya vyumba 6 Jambiani. Nitaieleza kwa urefu halafu nionyeshe ilivyoingia kwenye profaili.

Mwenyewe alinipigia kwa sababu ya mgeni. Mgeni alikuwa anaoga, akashika bomba la hita ya maji akasema lina mtetemo, kama linamuuma. Fundi alokuwepo kabla yangu alimwambia ni unyevu tu, chumvi ya bahari. Nilipofungua bodi nikakuta RCD imo imekaa vizuri na taa yake, lakini imerukwa, laivu na nyutro zimepitishwa pembeni zikaenda moja kwa moja kwenye breka. Yaani ipo kwa pambo. Nikauliza, nikaambiwa ilikuwa inakata kila usiku na wageni wanalalamika, kwa hivo fundi "aliitengeneza".

Nikenda kwenye ethi. Fimbo iko nje karibu na ukuta, kichwa chake kinang'aa, klampu mpya. Nikapima, omu 900 na kitu. Nikaivuta kwa mkono ikatoka. Ilikuwa na urefu wa kama shibiri mbili, imekatwa kwa msumeno. Sasa nisimlaumu sana mwenzangu, Jambiani ni maweni, jiwe la matumbawe lile, udongo juu kidogo tu halafu mwamba, unapiga nyundo fimbo inarudi. Lakini ukishindwa unasema umeshindwa, hukati fimbo ukafunga klampu.

Tufanye hesabu ndogo hapa, maana mwenye guesti nae aliuliza "si breka ipo?". Hita ikivujisha laivu kwenye bati lake, umeme unaopita kwenda ardhini ni volti 230 ugawe kwa omu 900, unapata kama robo ya ampia. Breka ya ampia 20 inaona robo ampia kama taa imewashwa, haitokata leo wala mwakani, na bati la hita linabaki na karibu volti zote 230. Kwa hivo nyumba hio kilichokuwa kinamlinda mtu ni RCD peke yake, na ndo kilichorukwa.

Kwanza nikatafuta kwa nini ilikuwa inakata. Nikapiga mega sakiti moja moja. Vyumba vizuri. Taa za bustani, megaomu 0.08. Boksi za kuungia zilikuwa zimezikwa mchangani na tepu tu, zimejaa maji ya chumvi. Usiku taa zinawashwa, RCD inakata. Haikuwa mbovu hata kidogo, ilikuwa inafanya kazi yake. Hita moja nayo koili yake imepasuka, ndo ilokuwa inamtetemesha mgeni.

Ethi ndo ilochukua siku mbili. Fimbo haziendi, kwa hivo tulichimba mtaro wa mita 12 nyuma ya jiko kuelekea kwenye migomba, kina kama sentimita 60 pale jiwe liliporuhusu, tukalaza waya wa shaba tupu wa 25, tukajaza udongo mwekundu tuloleta kwa gari badala ya kurudishia vifusi vya mawe. Kwenye nyufa mbili za mwamba tukapata pa kuingiza fimbo za mita 1.2, tukaziunga nazo. Kipimo cha mwisho omu 140.

Kwa RCD ya miliampia 30 kinadharia unaweza kufika omu 1,667, ndo volti 50 ugawe kwa 0.03. Lakini mimi sikubali zaidi ya 200, juu ya hapo ethi inayumba na msimu, na utaona chini kwa nini. Na angalia, hata kwa omu 140 umeme unaopita ni kama ampia 1.6 tu, breka bado haikati. Ethi nzuri ya maweni haiondoi haja ya RCD.

Kwenye profaili yote haya yamekuwa mistari hii:

"Jambiani, Aprili. Guesti vyumba 6, fezi moja. Malalamiko: hita inatetemesha. Nilichokuta: RCD imerukwa, fimbo ya ethi imekatwa (omu 900+), taa za bustani megaomu 0.08, hita moja inavujisha. Nilichofanya: boksi za bustani zimetolewa ardhini na kuwekwa za kuzuia maji juu ya nguzo, hita imebadilishwa, ethi mpya ya mtaro mita 12 na fimbo 2, RCD imerudishwa. Baada ya kazi: ethi omu 140, mega sakiti ya chini kabisa megaomu 12, RCD haikukata kwa miliampia 15 na ilikata kwa 30 ndani ya milisekunde 24. Kipimo cha marudio Februari: ethi omu 190."

Picha tatu: ile fimbo ilokatwa kando ya futi, mtaro na waya kabla ya kufukia, bodi ilivyokwisha. Kazi hii imeniletea kazi nyengine tatu, na hakuna hata taa moja nzuri humo ndani.

Kwa nini umeandika mwezi wa kipimo, na kwa nini ulirudi Februari?

Kwa sababu ardhi ya masika si ardhi ya kiangazi. Ukipima Aprili mvua imenyesha wiki nzima, udongo umelowa, omu zinashuka, kila fundi hodari. Ukirudi kiangazi udongo umekauka zinapanda. Ile yangu ilitoka 140 ikaenda 190, ingekuwa nimekubali 400 ya masika sijui ingefika wapi. Kwa hivo kipimo cha ethi bila mwezi ni nusu ya kipimo. Na kama una kazi moja tu ulorudi kuipima msimu mwengine, itie ya mwanzo kwenye profaili, ni wachache wanaorudi.

Pemba upande wa magharibi na kati udongo ni mzito, fimbo inaingia yote na vipimo huwa vizuri bila jasho, kwa hivo usijisifu sana na omu 20 za Wete mbele ya mtu wa Makunduchi. Ukivuka kwenda Micheweni kwenye maweni ndo utaelewa.

Sina mega wala kipimo cha ethi, ni ghali.

Kweli ghali. Tunavyofanya sisi watu watatu wanne wanachanga wananunua seti moja, au unamkodi mwenye nayo siku ya mwisho ya kazi na gharama unaitia kwenye bei toka mwanzo. Ukimkodi, andika "vimepimwa na fundi mwengine" na jina lake kama karidhia. Multimita ya kawaida usiitumie badala ya mega, inapima kwa volti chache za betri yake, waya unaovuja kwa 230 kwayo unaonekana mzima. Na usibuni namba. Profaili yenye kila ethi "omu 5" kutoka Fumba mpaka Matemwe inachekesha.

Kipimo kikiwa kibaya nikiandike?

Kiandike na sababu yake. "Ethi omu 180, maweni, mteja ameelezwa, RCD ya miliampia 30 imefungwa." Hapo umeonyesha unajua mpaka wako uko wapi. Kibaya kisichotengenezwa, kwa mfano mteja kakataa kulipia ethi, kazi hio usiitie kabisa, na kama ni ya hatari usiikabidhi. Mpe maandishi, wasap inatosha.

Kazi ya Mji Mkongwe inaandikwa tofauti?

Kidogo. Kule kuta ni mawe na chokaa na boriti, mji wenyewe umo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO toka 2000, huwezi kwenda na grainda ukachimba mifereji ukutani kama Mwanakwerekwe. Kwa hivo mteja anataka kuona umepitisha wapi waya bila kuumiza nyumba, na kama kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe kilipatikana. Picha ya ukuta kabla na baada, ukuta ule ule pembe ile ile. Mengine kama hapo juu.

## Mambo ya pembeni

Nilikuwa mmoja wa mafundi kumi kwenye hoteli kubwa. Naweza kuitia?

Itie, useme sehemu yako. "Nilivuta waya na kufunga soketi za vyumba 14 ghorofa ya pili, chini ya msimamizi." Ukiandika "nilifanya umeme wa hoteli" na yule msimamizi akaulizwa, na huku ni kisiwani ataulizwa, umekwisha.

Mteja hataki nyumba yake ipigwe picha.

Haki yake, na usimlazimishe. Nyumba zetu unajua zilivyo, kuna ndani na kuna uani, na hata akikubali baba muulize na mama. Piga bodi na boksi tu, kwa karibu, kitanda na nguo zisionekane, watoto wasionekane. Namba ya mita ya Tukuza ifunike, na makaratasi yalobandikwa ukutani pia. Akikataa zote andika kazi kwa maneno na vipimo, haina ubaya kuwa na moja isiyo na picha.

Kazi yangu moja iliharibika baadae. Niitoe?

Kama iliharibika kwa kosa lako na ulirudi kuitengeneza, mie ningeiacha na kuandika yote mawili. Nina moja ya Kizimkazi, breka ya pampu iliungua miezi minane baada ya kazi kwa sababu skrubu sikuikaza sawasawa. Nimeandika hivo hivo, na kwamba tokea hapo nakaza kwa bisibisi yenye kipimo. Nimeshaulizwa kuhusu hio zaidi ya kazi zote nyengine, na wote waloniuliza walinipa kazi.

Nitie bei?

Usitie. Waya unapanda bei kila ukienda Darajani. Tia tu kama kuja kuangalia unalipisha au hulipishi.

Picha zangu nikituma wasap zinakuja na ukungu, namba za mita ya kupimia hazisomeki.

Wasap inazibana. Tengeneza profaili nzima iwe PDF moja halafu itume kama dokumenti, si kama picha. Picha ya mita ya kupimia ipige mita ikiwa imekaa kwenye bodi yenyewe, isiwe mezani kwako, na mwanga utoke pembeni, ukiwasha flashi kioo kinarudisha mwanga namba hazionekani. Faili liite jina lako na mwaka, kwa sababu lile linaloitwa "Dokumenti mpya 3" yule meneja analo mengine kumi.